Karani kaunganishiwa PDF, ukurasa wa mwisho haupo, dirisha linafungwa saa 9:30. Wajuzi, ulienda wapi?

#1 Ndizi za Kiwira

Wakuu salaam. Mkasa huu ni wa mzee mmoja jirani yangu hapa Tukuyu. Ameniruhusu niulete, ila jina lake na ofisi vibaki huku huku.

Mzee ni karani wa masijala. Kazi yake ni majalada, na kila karatasi inayoingia jaladani anaipiga namba ya folio juu kulia kwa kalamu nyekundu. Hata risiti za nyumbani kwake zina namba, mkewe anamcheka kila siku. Sasa ikatangazwa nafasi ya ngazi ya juu kidogo. Tangazo lilitaka viambatisho vyote viwe faili moja la PDF lisilozidi MB 2, na mwisho kabisa liwepo tamko lililosainiwa na mwombaji kwamba yote aliyoeleza ni kweli. Bila tamko, maombi hayashughulikiwi. Mwisho wa kupokea ni Ijumaa saa 9:30 alasiri.

Ijumaa yenyewe umeme huku ulikatika tangu asubuhi. Mzee akaomba ruhusa, akadandia Kosta hadi Mbeya mjini, akashuka Kabwe na kuingia steshenari ya kwanza aliyoiona. Ana karatasi 12, zote keshazipiga namba nyekundu 1 mpaka 12. Nyuma ya bahasha ameandika orodha ya mafaili anayoyataka: barua ya maombi, wasifu wenye kurasa 3, cheti cha kuzaliwa, kidato cha nne, kidato cha sita, stashahada yenye kurasa 2 pamoja na matokeo, barua ya mwajiri, wadhamini, tamko. Mafaili 9, kurasa 12.

Kijana wa pale akaskani, akayapa majina kwa kufuata bahasha. Kompyuta yake kuukuu ina Ubuntu. Kwenye kuunganisha hakubofya popote, alifungua lile dirisha jeusi, akaandika kamstari kamoja, akabonyeza, akahangaikahangaika kidogo na majina ya mafaili, akasema "Tayari, mzee wangu." Mzee akachungulia ukurasa wa kwanza, akaona barua yake imekaa vizuri, wakatuma. Saa 9:11. Mfumo ukajibu yamepokelewa. Skani kurasa 12 kwa 500 ni 6,000, kutuma 1,000. Akalipa 7,000 na kupewa risiti ya mkono.

Akaenda kunywa chai jirani. Akafungua faili kwenye simu alifurahie. Anashusha: 9 nyekundu, 10 nyekundu, 11 nyekundu. Mwisho. Saa 9:22.

Akarudi mbio. Yule kijana ametoka kufuata wino, kaachwa binti wa kutoa kopi tu. Wakafungua flashi ya mzee: tamko halipo. Halipo kwenye faili lililotumwa, na lile faili lake lenyewe halipo pia! Binti akaliskani upya, wakahangaika kuliunganisha, ukurasa wa kutumia ulipofunguka ilikuwa 9:31 na kitufe kimeondoka. Mzee akalituma tamko peke yake kwa barua pepe pamoja na barua ya maelezo. Hadi leo kimya.

Flashi ninayo hapa, na ndani yake mko hivi:

```
01_barua.pdf           88K
02_wasifu.pdf         210K
03_kuzaliwa.pdf       164K
04_kidato4.pdf        201K
05_kidato6.pdf        193K
06_stashahada.pdf     388K
07_mwajiri.pdf         97K
08_wadhamini.pdf      143K
maombi_kamili.pdf    1490K
```

Swali langu ni moja. Ukurasa wa 12 ulipotelea wapi, na kwa nini na faili lake lilitoweka? Mzee anaambiwa na kila mtu kwamba hakuskani. Yeye anaapa aliliona jina la tamko kwenye kioo.

#2 Mtoto wa Mafiati

Mtandao huo. Ijumaa mchana mjini mtandao unasinzia, faili likikatika njiani mkia ndio unaobaki nje. Ukurasa wa mwisho ndio mkia. Kesi imeisha.

#3 Baridi ya Makete

Pole kwa mzee. Mkuu naomba kiungo cha hilo tangazo, mimi nina stashahada ya kumbukumbu tangu juzijuzi tu.

#4 Ndizi za Kiwira

Baridi, dirisha limefungwa, ndiyo uzi wenyewe huo ndugu yangu. Soma kwanza.

Mafiati, nimehesabu lile lililobaki kwenye flashi, nalo lina kurasa 11. Hilo halikupita kwenye mtandao wowote.

#5 Bandika Bandua

Hapa tatizo ni mpangilio wa majina, nimelikuta mara nyingi. Kompyuta haisomi namba kama binadamu, inasoma herufi kwa herufi. Ukiwa na uk1, uk2 mpaka uk10, yenyewe inaweka uk1, halafu uk10, ndipo uk2. Kwa hiyo ukurasa wako wa mwisho haujapotea, umerukia mbele. Mwambie mzee atafute katikati, ataukuta umekaa baada ya barua.

#6 Kamanda wa Uyole

Bandika, ulilosema lipo kweli na limewaumiza wengi, ila si hapa. Mafaili yameanza na 01, 02 mpaka 08. Ile sifuri ya mbele ndiyo dawa ya ugonjwa unaousema. Halafu mzee kapiga folio kwa mkono kabla ya kuskani. Folio zinakwenda 1 mpaka 11 bila kuruka, basi hakuna kilichorukia mbele. Wangapi humu wanaweka namba kwenye karatasi kabla ya skani? Bila hizo namba tungekuwa tunapiga ramli.

Mafiati, PDF haikatiki kistaarabu hivyo. Kisomaji kinapofungua faili huanzia mkiani: kule mwisho kuna jedwali linaloonyesha kila kipande kimekaa wapi, na chini yake alama `%%EOF`. Ukikata mkia umekata jedwali. Utakachokiona ni faili kugoma kufunguka, au kulalamika kwamba limeharibika na linajaribu kujitengeneza. Halipungui ukurasa mmoja halafu mengine yakabaki yanameremeta.

Ndizi, fungua `02_wasifu.pdf` na `06_stashahada.pdf` uniambie kila moja lina kurasa ngapi. Nina ninachokihisi ila sitaki kuropoka.

#7 Mwalimu Kihesa

Kamwene. Hii imenikumbusha ya kwangu hapa Iringa. Mashine yetu ya shule inaskani upande mmoja tu, kwa hiyo mtihani wa pande mbili tunapitisha kwanza kurasa witiri, tunageuza rundo, tunapitisha shufwa, kisha tunazichanganya kwa programu. Mtihani ukiwa na kurasa 7, witiri zinakuwa nne na shufwa tatu. Ile programu yetu ya zamani ilikuwa inachukua moja huku moja kule mpaka upande mmoja uishe, basi inafunga hesabu. Ukurasa wa 7 unaachwa nje. Watoto wa kidato cha tatu walifanya mtihani usio na swali la mwisho na wote wakashangilia.

Je mzee hakuskani pande mbili?

#8 Ndizi za Kiwira

Mwalimu, zote ni upande mmoja. Nusu yake ni kopi za vyeti.

Kamanda: wasifu kurasa 3, stashahada kurasa 2. Mengine yote moja moja. Jumla 11.

#9 Kinyonga wa Chunya

Mimi naamini kijana ana skripti yake ya Python. Hako kamstari kamoja kalikuwa ka kuiita. Na Python ina tabia yake: ukiiambia kutoka 0 hadi 3, inachukua 0, 1 na 2, ile 3 haimo. Mtu asiyejua anajipunguzia tena moja kwa hofu. Mimi niliandika hivi kazini, kwenye ripoti za mgodi:

```
n = len(PdfReader(f).pages)
writer.append(f, pages=(0, n - 1))
```

Ilitakiwa `(0, n)`. Kila ripoti ikawa inatoka bila ukurasa wa saini, na bosi akadhani naficha kitu.

#10 Kamanda wa Uyole

Kinyonga, kosa hilo lingekata ukurasa wa mwisho wa KILA faili. Wasifu ungebaki na 2, stashahada 1, na zile za ukurasa mmoja zingefutika zote. Mzee angetuma kurasa 3. Labda useme skripti iliruka faili la mwisho lote kwa kuhesabu mafaili moja pungufu. Hapo sawa, zingebaki 11. Lakini skripti ya namna hiyo inasoma tu. Haiwezi kulifuta `09_tamko.pdf` kwenye flashi, na Ndizi anasema faili lenyewe limeondoka. Jibu lolote lieleze mambo yote mawili kwa pamoja, ukurasa kukosekana na faili kukosekana.

Sasa ninachohisi. Kwenye Ubuntu, vijana wa steshenari wanaotumia dirisha jeusi wengi wanaunganisha kwa `pdfunite`. Hiyo amri ina utaratibu mmoja: jina la mwisho kwenye mstari ndilo inaloliandikia matokeo. Yaliyotangulia yote inayasoma. Ukiandika vizuri ni hivi:

```
pdfunite *.pdf maombi.pdf
```

Ukisahau neno la mwisho kwa haraka inakuwa hivi:

```
pdfunite *.pdf
```

Ile nyota inajazwa na majina yote ya folda kwa mpangilio, kuanzia `01_barua.pdf` mpaka `09_tamko.pdf`. Na jina la mwisho ni lipi? Tamko. Kwa hiyo amri inasoma mafaili 8 ya kwanza, inayaunganisha, halafu inaandika matokeo JUU ya tamko. Kwenye mashine nilizotumia haiulizi wala haionyi. Baada ya hapo kijana anaangalia folda, haoni faili jipya, anaona `09_tamko.pdf` limenenepa ghafla. Analifungua, linaanza na barua, anasema ahaa kumbe hili hapa, analibadilisha jina kuwa `maombi_kamili.pdf`. Mzee mwenyewe kasema jamaa alihangaika na majina.

Jumlisheni ukubwa wa yale manane: 88 na 210 na 164 na 201 na 193 na 388 na 97 na 143. Inakuja 1484. Faili kamili ni 1490. Kuunganisha huwa kunaongeza au kupunguza kidogo, lakini tamko lililoskaniwa lingekuwa na K 70 au zaidi kama kurasa nyingine. Nafasi yake haimo humo.

#11 Mtoto wa Mafiati

Kamanda umetisha. Kwa hiyo tamko lilimezwa na maombi yenyewe 😂😂

#12 Bandika Bandua

Karani aliyeapa kwamba yote ni kweli, kiapo chenyewe kikaliwa. Hii ingekuwa Kyela tungeshasema kuna mkono wa mtu.

#13 Ndizi za Kiwira

Bandika acha hizo, mkewe keshaanza kuuliza ni nani ofisini asiyemtakia mema.

Ndaga fijo Kamanda. Nimemsomea mzee, amekaa kimya kisha akasema, "Kwa hiyo niliskani?" Hilo ndilo lililokuwa linamkera zaidi.

#14 Mama Steshenari Mafinga

Mnamhukumu mtoto wa watu bila kumsikia. Nina duka hapa Mafinga, nimeskani makaratasi ya wanunuzi wa mbao mpaka mashine mbili zimenifia mkononi, nami nasema ukurasa huo haukuwahi kuingia kwenye kompyuta.

Sikilizeni. Mashine ya kulisha karatasi yenyewe ina kigurudumu cha mpira kinachovuta karatasi ya juu, na kipande kingine chini kinachozuia ya pili isifuate. Kile cha kuzuia kikiisha, au karatasi zikiwa na unyevu, zinapita mbili kwa pamoja kama moja. Picha inatoka moja, ya karatasi iliyoelekea kwenye kioo. Iliyo nyuma yake imepita bila kuonekana. Na huyu mzee katoka Tukuyu! Karatasi ya Tukuyu ikishalala nyumba yenye ukungu usiku mmoja unaijua ukiishika tu, imelegea kama chapati. Mimi hapa msimu wa baridi nazipepea rundo zima kabla ya kuziweka, na zile mbili za mwisho naziweka kwa mkono moja moja.

Wadhamini na tamko ndizo za mwisho kwenye rundo. Tamko lilikuwa na mhuri? Kama wino ulikuwa mbichi ndiyo kabisa, limejigandisha kwa mwenzake. Kijana akapata picha moja, akaihifadhi 08, akaona rundo limeisha, akajua amemaliza. Hakuna tamko kwenye flashi kwa sababu halikuwahi kuwepo. Hapo mambo yako yote mawili yameelezwa, Kamanda, na hakuna amri iliyomeza kitu.

#15 Kamanda wa Uyole

Mama, hiyo nzito, sikuifikiria. Lakini mzee aliliona jina la tamko kwenye kioo.

#16 Mama Steshenari Mafinga

Aliliona kwenye bahasha yake, baba. Mtu ana haraka, saa ya ukutani inamkodolea, atatofautisha bahasha na kioo?

#17 Ndizi za Kiwira

Nimemuuliza. Mhuri upo, wa wakili, ila uligongwa Jumatano, kwa hiyo wino ulishakauka. Kuhusu kuskani, anakumbuka vyeti vilipitishwa kwa rundo juu ya mashine. Barua na tamko anasema zililazwa kwenye kioo chini ya kifuniko. Halafu akasema "nadhani". Sasa hilo "nadhani" ndilo linaloniponza.

Na risiti hii hapa mbele yangu: "skani 12 x 500". Kama tamko halikuskaniwa angelipia 11.

#18 Mama Steshenari Mafinga

Risiti haithibitishi kitu. Sisi tunahesabu karatasi mteja anapozikabidhi. Ukinipa 12 nakutoza 12, sikai kuhesabu picha. Ningehesabu picha ningekuwa nimeshafilisika.

#19 Kinyonga wa Chunya

Mama kakiri mwenyewe jamani, wateja wa Mafinga mmesikia 😂

#20 Mama Steshenari Mafinga

Wewe Kinyonga uliyeficha saini za bosi ukae kimya.

#21 Dereva wa Kitonga

Mmeenda mbali mno. Flashi ya steshenari ni virusi. Ukichomeka kule ikirudi mafaili yamefichwa, yanabaki majina ya uongo yasiyofunguka. Tamko limo humo, limefichwa tu. Washa kuonyesha mafaili yaliyofichwa utaliona.

#22 Ndizi za Kiwira

Nimewasha. Nimekuta folda moja ya takataka za mfumo, tupu. Tamko hakuna. Na virusi gani huyo anayechagua faili moja akaacha nane?

#23 Dereva wa Kitonga

Wapo.

#24 Mwanasheria wa Kijiweni

Naomba nitoke nje ya njia kidogo. Nyie mnatafuta ukurasa, mimi natafuta haki ya mzee. Mfumo ulipokea maombi saa 9:11, ndani ya muda. Tamko limefika kwa barua pepe baada ya dirisha. Kwa maoni yangu, katika barua yake asiseme "nilisahau kuambatisha", kwani hiyo ni kukiri uzembe ambao hata humu hatujaukubaliana. Aseme faili liliunganishwa kwa hitilafu, karatasi halisi ilisainiwa na kugongwa mhuri Jumatano kabla ya tarehe ya mwisho, na anayo. Tarehe ya mhuri ndiyo ngao yake. Kama barua ya kwanza ilisema vingine, aandike nyingine.

#25 Baridi ya Makete

Na hao wakili wa mhuri wanatoza bei gani siku hizi Mbeya? Mimi mwaka jana nililipa 10,000 kwa mhuri mmoja.

#26 Mwanasheria wa Kijiweni

Inategemea umevaaje.

#27 Kamanda wa Uyole

Ndizi, njia ya kunitofautisha mimi na Mama ni mbili. Ya kwanza ni kompyuta ya kijana: amri zilizoandikwa hubaki kwenye kumbukumbu. Mpigie, tena kwa upole maana hajakosa kwa makusudi, aandike hii akutumie picha:

```
history | grep pdfunite
```

Ya pili ni flashi. Faili likiandikiwa juu, maandishi ya zamani mara nyingi hayafutiki papo hapo, nafasi yake inahesabiwa tu kuwa iko wazi. Ipo programu ya bure inaitwa PhotoRec, inapekua flashi yote ikitafuta vichwa vya mafaili bila kujali majina. Kila PDF inaanza na `%PDF`, nayo inaishika hapo. Jina la zamani hulipati, inakupa jina la herufi na namba, ila ukifungua ukakuta folio 12 nyekundu, Mama atanilipia chai. Sharti ni moja: tangu siku ile mtu asiandike kitu chochote humo.

#28 Mtoto wa Mafiati

Swali la kijinga. Kama kijana alifanyia kazi kwenye kompyuta yake halafu akanakili kwenye flashi mwishoni? Si tamko litakuwa halikuwahi kugusa flashi, hata kama Kamanda ndiye mwenye haki?

#29 Kamanda wa Uyole

Si la kijinga hata kidogo. Hapo PhotoRec kwenye flashi haitoi kitu na haitathibitisha upande wowote. Ndizi muulize na hilo.

#30 Ndizi za Kiwira

Nimerudi wakuu. Kijana nimempata. Alianza na shikamoo, akapoa nilipomwambia sijampigia kwa shari. Anasema alifanyia hukohuko kwenye flashi kwa sababu diski yake imejaa filamu. Kuhusu tamko anasema wateja ni wengi, hakumbuki. Kuhusu amri, kanitumia picha. Nimeandika kilichomo kama kilivyo:

```
  212  pdfunite *.pdf maombi.pdf
  305  pdfunite *.pdf
  306  pdfunite 0*.pdf m.pdf
  377  pdfunite *.pdf kazi.pdf
  402  history | grep pdfunite
```

#31 Kinyonga wa Chunya

305 HIYO HAPO! Mama leta chai.

#32 Mama Steshenari Mafinga

Tarehe iko wapi? Hiyo ya 305 inaweza kuwa ya mtu mwingine wa mwezi mwingine. Na mbona baada yake 306 inaandika `m.pdf`? Faili la mzee linaitwa hivyo?

#33 Kamanda wa Uyole

Mama ana hoja. Kwa kawaida ile kumbukumbu haihifadhi saa wala tarehe, labda mwenye mashine aliiwezesha mapema. 305 inaonyesha kijana huyu HUSAHAU jina la mwisho. Haionyeshi kwamba alisahau Ijumaa ile. Tena 306 inanisumbua kidogo. Kama 305 ni ya mzee na 306 imefuata hapohapo kwenye folda ileile, lingetokea faili lenye kurasa 22, kwa kuwa tamko lililonenepa nalo lingeunganishwa tena na wenzake. Inawezekana aliona zimejirudia akalitupa, akabaki na lile la mwanzo na kulipa jina jipya. Inawezekana pia ni wateja wawili tofauti.

Kwa wanaotumia dirisha jeusi, mimi niliacha hiyo amri kwa sababu hii hii. Natumia `qpdf`, na matokeo nayapeleka nje ya folda ya viambatisho, ili hata nikirudia amri nyota isiyabebe nayo:

```
qpdf --empty --pages *.pdf -- ../maombi.pdf
pdfinfo ../maombi.pdf | grep Pages
```

Mstari wa pili unakupa idadi ya kurasa. Ungemwambia mzee 11 saa 9:10, bado ana dakika 20.

#34 Mwalimu Kihesa

Na asiye na dirisha jeusi ashushe mpaka chini tu kabla ya kutuma. Watu wote wanachungulia ukurasa wa kwanza.

#35 Bandika Bandua

Mimi bado nasema majina.

#36 Ndizi za Kiwira

Kamanda, kuhusu PhotoRec kuna habari mbaya. Mjukuu wa mzee alijaza nyimbo za kwaya kwenye hiyo flashi Jumapili. Alizifuta nilipoiomba, ndiyo maana hamkuziona kwenye orodha.

#37 Kamanda wa Uyole

Nyimbo ngapi? Flashi ya GB ngapi?

#38 Ndizi za Kiwira

Flashi GB 8. Nyimbo hajui, "nyingi".

#39 Kamanda wa Uyole

Kwa GB 8 bado kuna matumaini, faili la K mia na kitu ni padogo sana, kwaya inaweza kuwa imekaa kwingine. Usiichomeke tena mahali popote. Nitaipekua nikiwa nimeifunga isiandikwe. Nisipokuta kitu, isichukuliwe kwamba Mama kashinda, kwaya itakuwa imefunika.

#40 Mama Steshenari Mafinga

Na ukikuta, usisahau kuhesabu kama si lile alilolirudia binti baada ya saa 9:22. Nalo ni tamko, nalo lina folio 12 nyekundu.

#41 Kamanda wa Uyole

Mama wewe! Binti alilihifadhi wapi, kwenye flashi hiyo hiyo?

#42 Ndizi za Kiwira

Sijui. Mzee analala sasa hivi, nitamuuliza asubuhi. Flashi naiweka kwenye Kosta ya saa 12, konda namfahamu, Kamanda isubiri Uyole pale njia panda.

#43 Baridi ya Makete

Wakuu kuna mtu kaona tangazo la Njombe la wasaidizi wa kumbukumbu? Wanataka faili moja au tofautitofauti?